Hadithi fupi: Rukia na simu ya Ami. Uso wa Bibi waweza kutoka mweusi kweli?

#1 KalamuYaMkomani

Salaam wote. Nimeandika hadithi fupi, nakata kipande cha kati nakiweka hapa. Walioisoma kwanza wamegombana juu yake, nami napenda mgombane nanyi. Ni Amu, yaani Lamu mjini, mtaa wa Mkomani, alasiri.

*Simu ilikuwa ikichajiwa kwenye kidaka, juu ya mkeka aliolalia Ami Athmani. Rukia aliomba mara moja, kwa sauti ya chini. "Ami, niazime simu?" Ami akajibu "Mm", na Rukia akatoka mbio na jibu hilo kabla mwenyewe hajaamka akalibadilisha.*

*Mwanzo wa video ni mguu wake na kandambili moja. Hakujua kwamba imeshaanza kushika. Kisha njia ikainuka: ukuta, paka watatu juu ya gunia, mtu mbele ya duka anafunga kikoi upya, anaiona kamera, anageuka. Chini ya wikio, kile chumba cha juu kinachovuka njia, kukawa giza, Rukia akasikia pumzi zake mwenyewe. Alipotokea upande wa pili jua la alasiri lilikuja kutoka baharini likampiga machoni. "Simile! Simile!" Punda wawili wa mchanga walikuwa wanapita. Akajibana ukutani, simu ameishika kwa mikono miwili, vidole vimekaza.*

*Bibi Mwanaesha alikuwa kwenye daka lake, kile kibaraza cha mlangoni, anachambua mchele. "Ndoo," alisema, akimwita. "Una nini hicho?" Rukia hakujibu. Alimsogelea polepole, kamera mbele, mpaka mchele ukaonekana chembe chembe.*

*Kabla ya magharibi Bibi akataka kuona. Wakaitazama pamoja: kandambili, paka, punda. Ilipofika zamu yake, ukuta ulikuwepo na nyufa zake zote, nakshi za mlango zilikuwepo, uteo ulikuwepo na mchele wake. Mahali pa uso wa Bibi palikuwa peusi. Akasema irudishwe. Ikarudishwa. Akasema tena. Kisha akasema, "Nifutie." Rukia akabonyeza alama ya pipa.*

Nusu ya wasomaji wangu wasema hapo nimeingiza uchawi. Mimi sitaki uchawi, nataka kitu ambacho simu yaweza kukifanya. Je, yaweza? Na Bibi kwa nini ataka kufutiwa?

#2 ZaiWaTana

Nimeipenda kandambili. Video yangu ya kwanza nayo ni sakafu na sauti yangu nauliza "imeanza?"

#3 MzeeWaBaraza

Waalaikum salaam. Kijana, waandika vizuri lakini jua umeliweka upande usio wake. Mji wa Amu umeelekea kisiwa cha Manda, na Manda iko mashariki. Jua la asubuhi ndilo litokalo baharini. Alasiri jua liko nyuma ya mji, upande wa mashamba. Mtu anayeshuka pwani saa kumi ana jua kisogoni. Labda Rukia alikuwa anapanda, si anashuka, na hapo basi mwambie msomaji.

#4 Kassim_wa_Spea

Mimi natengeneza simu. Jibu ni fupi: lenzi chafu. Simu iliyokuwa kwa Ami, ikapita mkono wa mtoto aliyekula maandazi, lenzi ina mafuta. Futa kwa fulana, mambo yamekwisha. Robo tatu ya wanaoniletea "kamera mbovu" ni mafuta tu.

#5 BintiPicha

Kassim, mafuta hayafanyi hivyo. Lenzi yenye mafuta hutawanya mwanga: taa zinaota ndevu, picha yote inaingia ukungu kama imemwagiwa maziwa. Kilicho cheusi kinakuwa kijivu. Hadithi yasema nyufa za ukuta zaonekana, na peusi ni peusi. Hiyo ni lenzi safi. Mafuta yangemfanya Bibi aonekane *zaidi*, kwa ukungu.

Nilivyosoma mimi, hapa kuna suala la mwanga tu. Simu hupima mwanga wa picha nzima kisha inaamua ifungue kiasi gani. Ukiwa na ukuta mweupe wa chokaa unaowaka, na katikati yake tundu la daka lenye kivuli, simu inauridhisha ukuta. Wa kwenye tundu anapotea. Njia ya kutambua iko wazi: tazama ukuta. Kama ukuta una nyufa na madoa yake yote, simu imeupimia ukuta. Kama ukuta nao umeungua ukawa mweupe mtupu, hapo tatizo ni jingine. Mwandishi ametwambia nyufa zipo, kwa hiyo mimi naona ameandika sahihi, hata kama kwa bahati.

#6 KalamuYaMkomani

Kwa bahati! Haya. Mzee wa Baraza, mstari wa jua la baharini nautoa. Nuru iwe ya nyuma ya Bibi basi. Mlango wa nyumba uko wazi, nyuma yake ni kiwanda, ule uwanja wa ndani usio na paa, mwanga watoka huko. Uso lazima uwe mweusi.

#7 MzeeWaBaraza

Hata hiyo haikubali. Nyumba ya Amu ya zamani haikujengwa mpita njia aone kiwanda. Unatoka daka, unaingia tekani, ule ukumbi mdogo wa mlangoni, kisha njia inapinda ndipo ufike kiwandani. Imepindwa makusudi ili wanawake wakae bila kuonekana na anayepiga hodi. Mwanga nao hauwezi kukata kona. Mlango ukiwa wazi kabisa, nyuma ya Bibi ni giza la tekani.

Ukitaka mwanga nyuma yake, umtie Rukia ndani ya nyumba, asimame tekani atazame nje, Bibi awe baina yake na njia. Lakini hapo atapata kisogo chake, na mchele hauonekani.

#8 Dullah_Malindi

Wakuu, mbona hakuna anayezungumzia wizi? Mtoto kachukua simu ya mtu aliyelala. Kwetu Malindi mtoto wa jirani alichukua ya kaka yangu hivyo hivyo, tukaitafuta mpaka usiku, kumbe iko kwenye ndoo ya dagaa. Hadithi imfunze adabu kwanza.

#9 ZaiWaTana

Dullah, soma tena. Aliomba, na Ami akajibu "Mm". Hiyo ni ruhusa kwa sheria zote za wanaolala mchana.

#10 Dullah_Malindi

"Mm" si ruhusa. Mke wangu akiniuliza kitu nikiwa usingizini nikasema mm, baadaye naletewa bili.

#11 Mwl_Somoye

Hii ya uso mweusi ina historia yake na sijaona aliyeitaja. Kamera hazikutengenezwa zikifikiria nyuso zetu. Enzi za filamu, Kodak walipeleka kwenye maabara kadi ya kulinganishia rangi yenye picha ya mwanamke mzungu, na mafundi wakasawazisha rangi kwa ngozi yake. Sisi tukatoka meno na macho. Kwa maoni yangu Bibi anatambua hilo bila kuambiwa, ndiyo maana ataka kufutiwa. Mwandishi usiondoe weusi ule, ndio hadithi yenyewe.

#12 BintiPicha

Mwalimu, historia ya kadi ni kweli na nimefurahi umeileta. Lakini simu ya Ami haina kadi, haina maabara. Mweke mzungu kwenye daka lile, na ukuta ule unawaka, naye atatoka kivuli. Ngozi yetu inapoteza mapema zaidi kwa sababu inarudisha mwanga mchache, hilo sikatai. Ila halitoshi peke yake kufanya uso *mweusi kabisa* huku mchele kwenye uteo uko chembe chembe.

Na mchele ndio unaonisumbua. Mchele ni mweupe, unarudisha mwanga mara kadhaa kuliko uso. Tena uko pajani, na paja la aliyekaa kwenye daka liko ukingoni, nje kidogo ya kivuli, kichwa kiko ndani chini ya paa. Kwa hiyo mchele kuonekana na uso kutoonekana yawezekana. Nyusi na pua zisionekane hata kidogo? Hapo ndipo nasita.

#13 Mwl_Somoye

"Unarudisha mwanga mchache" na "haikutufikiria" ni jambo moja kwa maneno mawili. Waliojenga sensa ya kamera walijua nyuso zipi wazipimie.

#14 BintiPicha

Tutakubaliana kutokubaliana, Mwalimu.

#15 NahodhaMstaafu

Mimi si mtu wa kamera. Nauliza: kichochoro hicho chaelekea wapi? Maana mmezungumza ukuta unaowaka kana kwamba Amu kuna barabara ya mita kumi.

Njia zilizo sambamba na pwani, kama Njia Kuu, kuta zake zatazama mashariki na magharibi. Tuseme njia ina upana wa mita 2 na kuta za ghorofa mbili, mita 7 hivi. Saa kumi alasiri jua halijashuka sana, na kutoka ukingo wa nyumba ya magharibi litaangaza ukuta wa mashariki chini ya mita moja na nusu tu, kutoka juu. Huko ni madirishani kwa watu. Chini walipo punda na Bibi ni kivuli kitupu, daka na ukuta vyote kivulini pamoja. Kwenye kivuli kimoja simu haina la kubishana nalo, uso unaonekana.

Vile vichochoro vinavyoshukia pwani ni habari nyingine. Vyenyewe vyaenda mashariki na magharibi, kwa hiyo jua la alasiri lapita ndani yake kwa urefu, kama maji kwenye mfereji. Pale ambapo upande wa pili hapana ghorofa la kuzuia, ukuta wapata jua la ubavuni mpaka chini. Daka limeingia ndani ya ukuta, jua lapita mbele yake bila kuingia. Hapo ndipo pana ukuta unaowaka na tundu jeusi. Na katikati ya mwaka, Juni, jua liko kaskazini, basi ukuta unaotazama kaskazini ndio unaochomwa. Disemba ni ule wa pili.

Mwandishi, mweke Bibi kwenye kichochoro cha kushuka pwani, daka lake litazame kaskazini na mbele yake pasiwe na ghorofa, mwezi wa Juni. Rukia ashuke, jua kisogoni.

#16 KalamuYaMkomani

Nahodha, hadithi yangu sasa yahitaji dira. Asante, nachukua kichochoro na mwezi. Juni kusi lavuma, nitapata na buibui linalopepea.

#17 ZaiWaTana

Na sauti yote itakuwa vuuu. Kipaza sauti cha simu kiko chini, penye tundu la chaji, na mtoto anapashika pale pale kwa kiganja. Ndiyo maana pumzi zake zasikika na "Ndoo" ya Bibi ingesikika kama mtu yuko ndani ya mtungi. Hilo nalo liandike.

#18 ShangaziTatu

Wanaume mmepima ukuta, mmepima jua, hamjauliza Bibi amevaa nini. Mwanamke wa Mkomani akiona kitu kinamjia njiani anajifunika. Mtoto wake au si mtoto wake, mkono unakwenda wenyewe kwenye leso. Uso haukuwa mweusi kwa mwanga. Alivuta leso. Kisha alipotazama akajiona amejificha kwa mjukuu wake, ikamuuma. Ndiyo "nifutie" hiyo.

#19 BintiPicha

Shangazi, hiyo nimeipenda kuliko zangu zote. Tatizo ni kwamba leso ina rangi na maandishi. Ingeonekana leso, si weusi.

#20 ShangaziTatu

Buibui halina maandishi.

#21 Kassim_wa_Spea

Buibui jeusi likijaa kwenye picha simu inaongeza mwanga, si kupunguza. Inaona giza inadhani usiku. Uso ungetoka mweupe kama umepakwa unga. Hilo najua, nina wateja wa harusi.

#22 BintiPicha

Kassim hapo uko sahihi kabisa, na ndicho kinachonitatiza na maelezo yangu mwenyewe. Rukia alimsogelea mpaka akaona chembe za mchele. Akisogea hivyo, ukuta unatoka nje ya picha, daka linajaa, na simu inapima upya: inafungua, uso unarudi. Kwa mbali weusi ni halali. Kwa karibu simu yoyote ya leo ingemrudisha Bibi ndani ya sekunde moja au mbili. Mwandishi, amsogelee asimsogelee?

#23 KalamuYaMkomani

Amsogelee. Bila kumsogelea hadithi hakuna.

#24 Dullah_Malindi

Jambo lingine la sheria. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kumpiga mtu video bila ruhusa kwaweza kuwa kosa. Bibi yuko sahihi kudai ifutwe.

#25 Mwl_Somoye

Sheria ipo, lakini yenyewe inaacha nje mambo ya mtu binafsi ya nyumbani kwake. Mjukuu na bibi yake wametazama video kwenye mkeka, hiyo haijafika kwa Kamishna wa Data. Ingekuwa imewekwa mtandaoni, tungezungumza mengine.

#26 Dullah_Malindi

Sawa, lakini wizi bado.

#27 MtotoWaLangoni

Wakuu mmenitoa nyumbani. Nimetoka kazini nikapita kwa shangazi yangu, kichochoro chake chashukia pwani, daka lipo, nikamwomba akae. Alikubali kwa sharti kwamba sitaweka video popote, kwa hiyo msiniombe. Nawasimulia nilichoona.

Kwa mbali, hatua kama kumi, daka likiwa dogo katikati ya picha: uso ni doa jeusi. Ukuta una kila ufa. Hadi hapa BintiPicha na Nahodha wako sawa.

Nikasogea. Alivyosema BintiPicha, daka lilipojaa picha ikajiongeza mwanga yenyewe, uso ukatokea, na ukingo wa ukuta uliobaki ukawa mweupe mtupu. Nikasema basi, hadithi imekufa.

Kisha nikajaribu kushika simu kama mtoto. Mikono miwili, nimejibana ukutani kumpisha punda. Kidole gumba kikakaa juu ya kioo. Simu yangu ukibonyeza mahali ukaganda kidogo inaandika AE/AF LOCK juu, maana yake imeshika mwanga wa pale na haitabadilisha tena. Kidole changu kiliganda juu ya ukuta wenye jua. Nikasogea kwa shangazi mpaka karibu kabisa: uso mweusi. Ule wa hadithi. Mchele sikuwa nao, nikampa sahani ya chumvi, chembe zilionekana. Macho hayakuonekana.

Someni tena hadithi: punda wanapita, "simu ameishika kwa mikono miwili, vidole vimekaza". Mwandishi ameshaandika sababu mwenyewe.

#28 BintiPicha

Aisee. Nakuvulia kofia. Na mpangilio unakubali pia: amebana *baada* ya wikio, kwenye jua. Angegandisha kidole chini ya wikio, gizani, mambo yangekuwa kinyume: kila kitu baada ya hapo kingetoka cheupe, Bibi pamoja na punda, kama wamemwagiwa chokaa. Usihamishe punda, Kalamu. Punda wakipita chini ya wikio, hadithi inaharibika.

#29 Kassim_wa_Spea

Yote mazuri kwa simu ya bei. Ami Athmani ana simu gani? Hizo ndogo za bei rahisi nyingi ukiganda kidole kwenye kioo hazishiki chochote, zinapima tu pale ulipogusa kisha ukisogea zinasahau. Mwandishi amesema simu iko kwenye kidaka inachajiwa, hakusema aina. Mimi nashikilia mafuta.

#30 ZaiWaTana

Kassim ataoa hayo mafuta.

#31 ShangaziTatu

MtotoWaLangoni, swali moja. Shangazi yako ulipomwonyesha uso wake mweusi alisemaje?

#32 MtotoWaLangoni

Alicheka. Akasema "huyu ni mamangu". Kisha akataka chumvi yake.

#33 ShangaziTatu

Umeona? Si lazima mtu aogope weusi. Kwa hiyo Bibi Mwanaesha hakukasirishwa na weusi. Kuna mtu alimwona mle. Mtu anapojiona bila sura anaona aliyefanana naye. Na kama aliyefanana naye amekufa, unamwambia mtoto afute, basi.

#34 MzeeWaBaraza

Au wazee tuliambiwa utotoni picha si vizuri, na hadi leo wapo tusioning'iniza picha ya mtu msanani. Bibi wa umri ule anaweza kutaka ifutwe hata angetoka amependeza. Msimtafutie huzuni kila mara.

#35 Mwl_Somoye

Lakini aliitazama mara tatu, Mzee. Asiyetaka picha hatazami mara tatu.

#36 MzeeWaBaraza

Asiyetaka ndiye anayetazama sana, Mwalimu. Umekaa barazani wewe?

#37 Kassim_wa_Spea

Mmesahau jambo moja la maana kuliko yote. Rukia amebonyeza pipa. Video haijafutika. Kwenye simu nyingi inakwenda kwenye kikapu cha vilivyofutwa na inakaa huko siku 30 ndipo iondoke. Na kama Ami ameruhusu picha zake zijihifadhi mtandaoni, huenda ilishapanda huko kabla Bibi hajaomba kuiona. Bibi ameahidiwa kitu ambacho mtoto hakuwa na uwezo wa kukitoa. Wateja wanaletewa kesi na wake zao kwa hiki kikapu.

#38 KalamuYaMkomani

Kassim, kwa hili nakusamehe mafuta yote. Kwa hiyo Ami ataikuta?

#39 Kassim_wa_Spea

Akifungua kikapu. Wengi hawajui kama kipo. Wataona tu simu imejaa, watakuja kwangu. Video ya kawaida ya 1080p yala kama MB 100 na zaidi kwa dakika. Mtoto akizunguka mtaa dakika kumi, simu ya GB 16 inaanza kulia. Ami atafungua mwenyewe kutafuta nafasi, hapo ndipo atamkuta mama yake.

#40 NahodhaMstaafu

Bibi Mwanaesha ni mama yake Ami? Mimi nilidhani ni jirani.

#41 ZaiWaTana

Mimi pia nilidhani jirani. "Daka lake", si la nyumbani kwao Rukia.

#42 ShangaziTatu

Mimi tangu mwanzo nilimhesabu bibi mzaa mama, kwa hiyo Ami ni upande mwingine kabisa na hana haki ya kuiona. Kalamu, ni bibi wa upande gani?

#43 KalamuYaMkomani

Kila mmoja wenu amempa ukoo wake, kwa nini niharibu? Nimebadilisha haya: kichochoro cha kushuka pwani, Juni, kidole gumba kwenye kioo wakati punda wanapita, bila kukitaja kidole kama sababu. Jua la baharini limetoka. Alama ya pipa imebaki. Kikapu bado nafikiria.

#44 BintiPicha

Kidole kitaje mara moja tu, kisha kiache. Anayejua kamera atakiona.

#45 Dullah_Malindi

Na simu irudishwe kwa Ami kwa mikono miwili na Rukia aseme asante. Hilo sijaliona mpaka sasa.

#46 MtotoWaLangoni

Shangazi yangu amesikia huu mjadala nikimsomea. Auliza kwa nini Rukia asibonyeze kidole kwenye uso wa Bibi tangu mwanzo. Nimemwambia uso ungetokea na ukuta wote wenye jua ungeungua mweupe, huwezi kupata vyote kwa simu hii. Kasema ukuta ataukuta palepale kesho.

#47 Kassim_wa_Spea

Shangazi yako na aje dukani nimfutie lenzi bure.